Teke moja Mwaloni: nani alimuua kuli?

Kisa hiki ni cha kutunga. Hakuna jalada lenye jina hili Mahakama Kuu, na asitokee mtu wa Kirumba akadhani ninamsema yeye. Vipande vyake lakini si vigeni kwa mtu aliyewahi kushinda kwenye korido za mahakama hapa Mwanza akisikiliza mashauri ya kuua bila kukusudia: ugomvi wa pesa ndogo, pigo moja, mgonjwa anayehamishwa huku na huku, na mwisho maiti mezani na watu wanne wanaonyoosheana vidole.

Ni Jumanne alfajiri, soko la samaki la Mwaloni. Mitumbwi ya visiwani imeshusha dagaa. Kuli mmoja, mwenye umri wa miaka kama thelathini hivi, amebeba magunia sita mpaka kwenye mizani na anadai ujira wake. Mpimaji anasema gunia moja lilidondoka njiani, kwa hiyo anakata shilingi elfu mbili. Maneno yanapanda. Kuli anaweka mkono juu ya mizani na kusema haondoki. Mpimaji, aliyevaa gambuti, anamrushia teke moja ubavuni, upande wa kushoto, chini kidogo ya mbavu. Kuli anakaa chini ghafla, kama mtu aliyekatwa pumzi. Wenzake wanamwinua na kumpa maji. Mpimaji, kwa mshangao wa wote, anamlipa pesa yake yote na kumwambia, "Basi kaka, yaishe."

Hayakuisha. Mchana kuli alikwenda kituo cha polisi, akapewa fomu namba tatu, akaenda nayo zahanati. Tabibu alimbonyeza mbavu, hakuona jeraha wala uvimbe, akaandika "maumivu ya mbavu" na kumpa vidonge vya daiklofenaki. Tumbo hakuligusa. Alhamisi maumivu yalianza kupanda mpaka kwenye bega la kushoto, jambo lililowashangaza nyumbani kwa sababu begani hakupigwa. Ijumaa alipelekwa hospitali. Kipimo cha ultrasaundi kilionyesha wengu kubwa kupita kiasi, na chini ya ngozi yake nyembamba damu imejikusanya kama mfuko. Daktari aliwaeleza kwamba alazwe, asitembee, damu ya kumwongezea itafutwe, na mfuko ule ukipasuka apelekwe chumba cha upasuaji saa hiyohiyo.

Jumamosi baba yake mkubwa alifika kutoka kijijini na kusema jambo hili si la hospitali: mtu apigwe ubavuni, aumwe begani? Wakasaini fomu ya kuondoka kwa hiari yao. Wakavuka kwa kivuko cha Kamanga kwenda kwa mganga upande wa Sengerema. Mganga alimpa dawa ya kunywa, na kwa siku mbili mfululizo akamchua tumbo kwa mafuta. Jumatatu usiku kuli alianza kutoka jasho baridi, midomo ikawa myeupe, na kabla hakujapambazuka akakata roho. Zilikuwa zimepita siku sita tangu teke.

Uchunguzi wa maiti ulikuta lita mbili na nusu za damu tumboni. Wengu lilikuwa na uzito wa gramu 900, wakati la mtu mzima mwenye afya huwa kama gramu 150 hadi 200. Ini lilikuwa na makovu yale ya kichocho cha muda mrefu. Daktari aliandika sababu ya kifo kwa mstari mmoja: kuvuja damu kutokana na kupasuka kwa wengu.

Polisi walimkamata mpimaji na kumfungulia shauri la mauaji ya kukusudia. Kwa familia yake hilo lilimaanisha jambo moja la haraka kuliko yote: dhamana hakuna, kijana yuko gereza la Butimba. Kuua bila kukusudia kuna dhamana, kuua kwa kukusudia hakuna. Ndiyo maana swali la kwanza ambalo wakili anapaswa kulishughulikia hapa ni shtaka lenyewe, na jibu lake halichukui muda mrefu. Kifungu cha 200 cha Kanuni ya Adhabu (natumia namba za toleo la 2022) kinaeleza nia ovu inayotakiwa, hasa mtu awe alikusudia kuua au kudhuru vibaya, au alijua kwamba anachofanya kitaelekea kuleta hayo. Mahakama ya Rufani, katika shauri la Enoch Kipela la mwaka 1994, ilitaja mambo ya kutazamwa: silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyolengwa, idadi ya mapigo, maneno na mwenendo wa mtu kabla na baada. Teke moja la gambuti, hakuna silaha, hakuna maneno ya kutishia, na baadaye pesa inalipwa. Sijui jaji ambaye angeona nia ovu hapo. Tunabaki na kifungu cha 195: kitendo kisicho halali kilichosababisha kifo. Teke ni shambulio, kwa hiyo si halali. Ugomvi wote sasa uko kwenye neno moja, "kilichosababisha".

Mawakili wa upande wa utetezi hupenda kuanza na wengu, kwa hiyo nami nianzie hapo. Hoja yao ni nyepesi kuelewa: teke lile lingempata mtu mzima wa afya, angeguna, angepaka mafuta ya kuchulia na kesho yake angekuwa kazini. Huyu alikuwa na wengu mara tano ya kawaida. Kilichomuua ni ugonjwa wake.

Ukweli wa kitabibu uko upande wao kwa nusu. Wengu la kawaida limejificha nyuma ya mbavu za chini kushoto. Likivimba hutoka kwenye ulinzi huo na kushuka tumboni, na jinsi linavyokua ndivyo ngozi yake inavyovutika na kuwa nyepesi. Malaria ya mara kwa mara hulivimbisha. Kichocho cha tumbo, ambacho mwambao wote wa Ziwa Victoria unakifahamu, hufanya hivyo kwa njia ya kuzunguka: mayai ya minyoo huziba mishipa midogo ya ini, damu inayotoka tumboni ikakosa pa kupita, ikarudi nyuma na kulijaza wengu. Mtu anaweza kuishi nalo miaka mingi bila kujua, akabeba magunia, akaoa, akazaa.

Lakini sheria haimruhusu mpigaji kuchagua mwili wa anayempiga. Unamchukua mtu kama ulivyomkuta: na moyo wake mbovu, na fuvu lake jembamba kama ganda la yai, na wengu lake. Kama kuli angekuwa mgonjwa mahututi ambaye angekufa mwezi ujao kwa kichocho chake, bado kifungu cha 203(d) kinasema anayeharakisha kifo cha mgonjwa amemuua. Sembuse huyu ambaye ugonjwa wake haukuwa umemlaza hata siku moja.

Hapa kuna mlango mmoja ambao wengi hawaugongi, nao ni kifungu cha 10. Kinasema mtu hawajibiki kwa jinai kwa tukio lililotokea kwa ajali. Wakili mwerevu atasema: mteja wangu alikusudia teke, sawa, lakini kifo kilikuwa ajali, maana hakuna mtu wa kawaida ambaye angekitarajia. Hoja hii ni nzito kuliko inavyoonekana, na ina historia. Kanuni yetu ya Adhabu, iliyoingia Tanganyika mwaka 1930, ina mizizi kwenye kanuni ya jinai ya Kwinslandi, Australia, ya mwaka 1899, na kifungu hicho cha ajali kimo humo pia. Mwaka 1964 Mahakama Kuu ya Australia ililetewa rufaa kutoka Papua Nyugini, shauri linaloitwa Mamote-Kulang. Mume alimpiga mkewe pigo moja ubavuni. Wengu la mke lilikuwa limevimba na kulegea, likapasuka, akafa. Swali likawa lilelile: je, si ajali? Majaji walio wengi walikataa. Kifo kilichotoka moja kwa moja kwenye pigo ambalo mtu alilikusudia, hata kama hakukitarajia, hawakukiita ajali. Uamuzi huo haufungi mahakama zetu, na huko Australia kwenyewe baadaye kulikuwa na mjadala mrefu kuhusu kutarajia na kutotarajia. Lakini ukisimama Mwanza na kifungu cha 10 mkononi, ujue kwamba mtu alishasimama nacho kabla yako, kwa wengu lilelile, akashindwa.

Maoni yangu ni kwamba wengu linamsaidia mpimaji sana, ila si mahali ambapo wakili wake analipeleka. Linamsaidia kuonyesha kwamba hakuwa na nia ovu, kwa kuwa nguvu ya teke haiwezi kupimwa kwa ukubwa wa madhara. Litamsaidia tena siku ya adhabu. Kwenye sababu ya kifo halimsaidii chochote.

Sasa tuwafuate wale watu wengine watatu: tabibu, baba mkubwa na mganga.

Mjini watu husema, "Kama zahanati wangemwona vizuri asingekufa." Huenda ni kweli. Tabibu alipaswa kumlaza chali na kubonyeza tumbo. Mgonjwa aliyepigwa ubavu wa kushoto, hasa mtu wa ziwani, anatazamwa wengu. Na daiklofenaki, tukitaka kuwa wakali, hupunguza uwezo wa damu kuganda. Lakini soma kifungu cha 203(a) polepole. Kinazungumzia tiba iliyosababisha kifo. Kama mtu alijeruhiwa, akatibiwa kwa sababu ya jeraha lile, na tiba ikamuua, aliyejeruhi bado ndiye muuaji, hata kama tiba ilikosewa, mradi ilitolewa kwa nia njema na kwa ujuzi wa kawaida wa kazi ile. Anaachiliwa tu pale tiba iliyomuua moja kwa moja ilipotolewa bila nia njema au bila ujuzi wa kawaida.

Tabibu wetu hakumuua kwa tiba. Aliacha kuona. Tofauti hiyo ni kubwa: aliyekosa kuzima moto hajauwasha. Jeraha liliachwa liendelee na kazi yake. Hoja ya vidonge inahitaji daktari aje kizimbani aseme kwamba bila daiklofenaki wengu lisingevuja mpaka kuua, na sidhani kama daktari makini atakubali kusema hivyo kuhusu wengu la gramu 900 lenye mfuko wa damu ndani yake.

Baba mkubwa ndiye anayewaudhi watu zaidi, maana hospitali ilikuwa imeshasema kila kitu. Kitanda kilikuwepo, upasuaji ulikuwepo, wakaondoka. Je, si wao waliokata mnyororo? Kifungu cha 203(b) kinajibu bila kuzunguka: aliyemjeruhi mwenzake amesababisha kifo hata kama jeraha lisingeua laiti majeruhi angekubali tiba sahihi au angejitunza inavyotakiwa. Hakuna maneno "mradi kukataa kwake kuwe na busara". Waingereza walifika mahali hapohapo kwa njia ya mashauri. Mwaka 1841, katika shauri la Holland, mtu alijeruhiwa kidole, akakataa kidole kisiondolewe, akafa kwa pepopunda, na aliyemjeruhi akatiwa hatiani. Mwaka 1975, katika shauri la Blaue, binti aliyechomwa kisu alikataa kuongezewa damu kwa sababu ya imani yake ya Mashahidi wa Yehova. Mahakama ikasema anayemjeruhi mtu anamchukua mtu mzima mzima, mwili wake na imani yake.

Kwa hiyo kusema "ni ushirikina wao ndio uliomuua" ni hoja ya barazani. Familia inayoamini kwamba maumivu ya bega yana mkono wa mtu ni sehemu ya kuli yule kama lilivyokuwa wengu lake. Tena, kwa kejeli ya mambo, maumivu yale ya bega yana maelezo ya kitabibu kabisa: damu ikigusa kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua, neva inayokihudumia hupeleka maumivu begani. Ile dalili waliyoiona kama uchawi ndiyo iliyokuwa ikisema wengu linavuja. Kama mtu mmoja tu angewaeleza hivyo pale wodini, pengine wasingevuka ziwa. Lakini hilo ni jambo la hospitali. Halimpunguzii mpimaji kitu.

Tunafika kwa mganga, na hapa kwa mara ya kwanza upande wa utetezi una kitu cha kushika.

Kuchua tumbo la mtu mwenye mfuko wa damu kwenye wengu ni hatari ya wazi. Kosa la mganga si la kutotenda, kama lilivyokuwa la tabibu. Alitenda, kwa mikono yake, mahali palepale palipojeruhiwa, siku mbili. Wakili wa utetezi anaweza kusema mambo mawili tofauti, na akiyachanganya atajiharibia. La kwanza: kuchua ni tiba iliyosababisha kifo, na haikutolewa kwa ujuzi wa kawaida, kwa hiyo sehemu ya mwisho ya 203(a) inamwachilia mteja wangu. La pili: kuchua ni kitendo kipya kabisa cha mtu mwingine, kilichopasua wengu ambalo lingepona.

Hoja ya kwanza inakwama kwenye swali la ujuzi wa nani. Waganga wanatambuliwa na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, kwa hiyo huwezi kusema tu kwamba huyu hakuwa mtabibu. Lakini sheria ikishamtambua, inamdai pia ujuzi wa kawaida wa kazi yake, na nimewasikia waganga wazee wenyewe wakisema tumbo lililopigwa halichuliwi. Mganga mwenzake akiitwa kama shahidi na akasema hivyo chini ya kiapo, hoja inapata miguu. Sijawahi kuona wakili akimwita. Nadhani ni aibu ya kisomi tu.

Hata hivyo kifungu hakisemi tiba mbaya inatosha. Kinasema tiba hiyo iwe ndiyo sababu ya papo hapo ya kifo. Tunarudi kwenye swali la ukweli: usiku ule wa Jumatatu, ni kitu gani kilichomuua? Jeraha la Jumanne au mikono ya Jumapili?

Mashauri mawili ya Uingereza hukaa pande mbili za swali hili. Katika Smith, 1959, askari alichomwa singe, akaangushwa mara mbili akibebwa kwenda kwa daktari, na alipofika akatibiwa vibaya. Mahakama ikasema jeraha lilikuwa bado linafanya kazi na lilikuwa sababu ya maana ya kifo. Yaliyoingia kati hayakulifuta. Katika Jordan, 1956, jeraha la kisu lilikuwa limekaribia kupona kabisa, kisha hospitali ikampa mgonjwa dawa ambayo mwili wake ulishaonyesha kuikataa. Akafa. Hukumu ikatenguliwa. Tofauti haiko kwenye ukubwa wa kosa la daktari. Iko kwenye hali ya jeraha la kwanza siku ya kifo: linaishi, au limekwisha?

Kwa wengu, swali hilo lina jibu linaloweza kuonekana kwa macho, na ndiyo maana ule mstari mmoja wa ripoti ya uchunguzi unanitia hasira. Damu iliyokaa chini ya ngozi ya wengu kwa siku sita hubadilika. Hugeuka kahawia, hushikamana kwa tabaka, na pembezoni huanza kushikwa na nyuzi za tishu mpya. Damu ya saa chache ni nyekundu iliyoiva, laini kama maini. Kama daktari alikuta mfuko wa zamani, wenye tabaka, na mpasuko umetokea juu yake hasa, picha ni ya jeraha la Jumanne lililokuwa likijaa mpaka likapasuka. Wengu lina tabia hiyo. Linaweza kupasuka siku kadhaa baada ya pigo bila mtu kuligusa. Kama mpasuko uko mahali pengine, mbali na mfuko, kwenye ngozi iliyokuwa nzima, na damu yote ni mpya, basi mikono ya mganga inaanza kuonekana.

Maswali ya kumuuliza daktari kizimbani ni machache. Kwenye kisa chetu nayaona yakienda hivi:

"Daktari, damu uliyoikuta ilikuwa ya rangi gani?"

"Nyingi ilikuwa nyekundu, imejaa tumboni. Lakini chini ya ngozi ya wengu kulikuwa na bonge la kahawia, kama ngumi ya mtoto."

"Na mpasuko?"

"Ulikuwa juu ya bonge hilo."

Kwa jibu hilo, Mheshimiwa Jaji hatahitaji mashauri ya Uingereza. Jeraha la Jumanne lilikuwa hai. Huenda kuchua kuliharakisha. Basi kifungu cha 203(e) kinasema kitendo cha mtu ni sababu ya kifo hata kama kisingeua bila kuambatana na kitendo cha marehemu au cha watu wengine. Mpimaji ana hatia. Jibu likiwa kinyume, kwamba hakuna bonge la zamani na mpasuko ni mpya upande mwingine, Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ina shaka ya maana mikononi, na shaka hiyo ni mali ya mshtakiwa. Hapo anabaki na shambulio la kudhuru mwili, kifungu cha 241, na kwa muda aliokwisha kaa Butimba huenda akatoka siku hiyohiyo.

Mara nyingi, hata hivyo, swali hilo haliulizwi kamwe. Shauri huanza na usikilizwaji wa awali chini ya kifungu cha 192 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, ambapo pande mbili hutenganisha yanayobishaniwa na yasiyobishaniwa. Yasiyobishaniwa huhesabiwa yamethibitishwa. Wakili aliyepewa jalada jana jioni anaulizwa kama anapinga kwamba marehemu amekufa na kwamba ripoti ya daktari ipokelewe. Anasema hapingi, kwa sababu nani atapinga kwamba mtu aliyezikwa amekufa? Ripoti ya mstari mmoja inapokelewa, daktari haitwi tena, na rangi ya damu inabaki kichwani mwa mtu ambaye pengine keshahamishiwa mkoa mwingine. Kifo hakibishaniwi. Sababu yake ndiyo inayobishaniwa, na njia salama ni kukubali la kwanza kwa maneno na kukataa ripoti isiingie bila mwenye saini kuja.

Wanafunzi hupenda kuuliza mganga naye je. Hakuna sheria inayosema kifo kina muuaji mmoja. Kama kuchua kwake kulikuwa uzembe wa kiwango cha jinai na kulichangia kifo, angeweza kushtakiwa kwa kosa lake mwenyewe, na kushtakiwa kwake kusingemtoa mpimaji. Kwa nini polisi hawakufika Sengerema ni swali la polisi.

Wananiuliza pia: kama kivuko kingezama? Kuli asingekuwa kivukoni bila lile teke, hilo ni kweli. Lakini kuzama hakukutokana na jeraha wala hakukulitumia. Ni jambo lililomkuta njiani kama lingemkuta abiria mwingine yeyote. Teke lilimpeleka mahali tu. Geuza kidogo uone: mpimaji anamkimbiza na rungu, kuli anajitupa ziwani kujiokoa na kufa maji. Hapo kifungu cha 203(c) kinamrudia mpimaji, maana kujitupa majini kumkwepa anayekukimbiza na rungu ni jambo la kawaida kwa aliye mwaloni. Ziwa ni lilelile, na katika yote mawili mtu amekufa maji.

Kwa mpimaji wetu, na kwa bonge lile la kahawia, ushauri wangu ungekuwa akiri mapema kosa dogo la kuua bila kukusudia, Jamhuri ikishabadili shtaka. Kifungu cha 198 kinaweka kifungo cha maisha kama ukomo, lakini chini ya ukomo huo jaji yuko huru, na hapa ndipo wengu, tabibu, baba mkubwa na mganga wanaporuhusiwa hatimaye kuingia mahakamani. Wote wanne waelezwe kwa upole, bila kuwalaumu wafiwa waliokaa benchi la nyuma. Pigo lilikuwa moja. Pesa ililipwa palepale. Mwili ulikuwa mgonjwa bila mtu kujua. Na wakili akumbuke kuwaita makuli wawili waliomsikia akisema "yaishe", kwa sababu ndugu wa marehemu, wakiulizwa na jaji wana la kusema kabla ya adhabu, huwa wanauliza kama kijana aliwahi kusikitika.